Shikamoo kwa Maneno, Stika kwa Kiasi: Namna ya Kuwaandikia Wazee na Vijana Taarifa za Huduma za Kata

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata)



Miaka si mingi iliyopita tangazo la kata lilikuwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi, au sauti ya kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Aliyepita alisoma, aliyesikia alimwambia jirani, na lugha ilikuwa moja kwa wote. Leo sehemu kubwa ya taarifa za maji, kliniki, mikopo na vikao hupita katika simu, na simu hizo hazifanani. Mfukoni mwa kijana mna simu janja yenye WhatsApp. Katika upindo wa khanga ya bibi mna kitochi chenye vibonye, betri yake hukaa siku nne, nacho hupokea ujumbe mfupi wa maandishi tu. Mtumaji ni mmoja, aghalabu mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, mhudumu wa afya wa jamii au kijana aliyejitolea kuwasaidia. Mazungumzo haya yanamhusu mtumaji huyo, na yanamhusu pia kila mwananchi anayesimamia kundi la kisima, la kuweka na kukopa, au la mazishi.

Inafaa kuanza na mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho.

Kata fulani imepangiwa siku ya kuwaandikisha wazee wa miaka 60 na zaidi ili wapate vitambulisho vya matibabu. Mtendaji ana orodha ya namba 300. Kwa kuwa shughuli ni nyingi, anampa kijana mwepesi wa kuandika kazi ya kutuma ujumbe. Kijana ana moyo mwema na anataka wazee wajisikie kuwa wanapendwa. Anaandika hivi:

"Mambo wazee wetu 😍 J3 saa 3 pale ofisi ya kata mje na NIDA na picha 2 📸 kwa ajili ya vitambulisho vya matibabu. Msikose 💯🔥"

Ujumbe huo ukifika katika kundi la vijana wenzake hauna kasoro. Una uchangamfu, ni mfupi, na jambo lenyewe limo. Sasa ufuatwe hadi kwa bibi mwenye kitochi.

Kitu cha kwanza anachokiona ni "Mambo". Kwa bibi aliyezaliwa kabla ya Uhuru, neno hilo husemwa na rika kwa rika. Mtoto wa jirani akimwamkia hivyo njiani, bibi angesimama na kumwuliza ni mtoto wa nani. Katika simu hana wa kumwuliza. Anachoelewa ni kwamba aliyeandika ama ni mtu wa mzaha, ama ni tapeli, na wazee wamekwisha kuonywa mara nyingi juu ya matapeli wa simu. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa kuwa salamu isiyo ya heshima humfanya mpokeaji aushuku ujumbe wenyewe. Katika mila za Kiswahili mdogo ndiye anayetangulia kusema shikamoo, na mkubwa hujibu marahaba. Ofisi inapomwandikia mzee, hata kama mwandikaji ana cheo, yeye ndiye mgeni aliyebisha hodi. Ni wajibu wake kutangulia.

Kisha zinakuja zile picha ndogo. Vitochi vingi vya zamani havina michoro ya emoji, na mahali pake huonyesha kisanduku kitupu au alama ya kuuliza. Bibi anaona visanduku, na baada yake "J3 saa 3". Kijana anajua kuwa J3 ni Jumatatu. Bibi anaona herufi na tarakimu, kisha tarakimu nyingine ileile, wala hapajatajwa asubuhi au jioni, wala tarehe. Kama ujumbe umefika siku ya Jumapili usiku, Jumatatu ni kesho. Kama umefika Jumatatu mchana kwa sababu simu ilikuwa imezimwa, Jumatatu ni ipi?

Hapa pana jambo ambalo watumaji wengi hawalijui, nalo lina gharama ya fedha. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160. Kiwango hicho kinatumika pale herufi zote zinapokuwa zile za kawaida ambazo Kiswahili huandikwa kwazo, pamoja na tarakimu na alama za uandishi. Emoji haimo katika hesabu hiyo. Mara tu emoji moja inapoingia, simu hulazimika kubadili namna ya kuusimba ujumbe wote, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Emoji yenyewe, kwa kawaida, hula nafasi ya herufi mbili. Ujumbe ukizidi nafasi hiyo hukatwa vipande, na katika kila kipande sehemu ndogo hutengwa kwa ajili ya kuviunganisha tena, hivyo kila kipande hubaki na herufi 67 chini ya mfumo wa emoji, au 153 bila emoji.

Ujumbe wa kijana, ukihesabiwa pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, unafika 126. Bila zile emoji nne ungekuwa chini ya 120 na ungeingia katika ujumbe mmoja. Kwa sababu yake, umekuwa vipande viwili. Wauzaji wa meseji za jumla hutoza kwa kipande, hivyo kwa namba 300 ofisi imelipia vipande 600. Tena, kipande cha kwanza kinaishia katikati ya neno "picha". Simu nyingi huviunganisha vipande bila mwenye simu kujua, lakini simu ya zamani sana, au mtandao unaposuasua, huweza kuleta cha pili kabla ya cha kwanza. Bibi akapata maneno yanayoanzia katikati, yenye agizo la "Msikose" mwishoni, bila kujua asikose nini.

Neno hilo la mwisho nalo lina uzito wake. Kwa kijana "msikose" ni mwaliko wa furaha, kama unavyoandikwa katika tangazo la muziki au la mechi. Kwa mzee, kauli ya kukataza kutoka kwa mtu mdogo asiyemjua ni amri. Kiswahili kina njia nyingi za kulainisha agizo bila kulipunguzia nguvu. "Fika" ni amri. "Mnatakiwa kufika" ni sauti ya karani. "Tunaomba mfike" ni ombi lenye heshima, na kila mzee anajua kwamba ombi la serikali bado ni wito. Hakuna kilichopotea kwa kuomba.

Matokeo ya ujumbe wa kwanza yanaweza kutabirika. Siku ya Jumatatu wanafika wachache, hasa wale wanaoishi na wajukuu waliowasomea. Wengine wanafika saa tisa alasiri, kwa kuwa mjukuu alisoma "saa 3" akaiweka katika simu yake kama 3:00, na saa ya simu inahesabu Kizungu. Wengine wamekuja bila picha. Walioandikisha wamekwisha kufunga vitabu. Mzee aliyetembea kilomita sita kwa mkongojo anarudi mikono mitupu, na siku atakayohitaji dawa ya shinikizo la damu ataulizwa dirishani kitambulisho ambacho hakupewa.

Ujumbe huohuo ungeweza kuandikwa hivi:

"Shikamooni wazee wetu. Poleni na majukumu. Siku ya Jumatatu, tarehe 12, saa tatu asubuhi, tunaomba mfike ofisi ya kata mwandikishwe vitambulisho vya matibabu. Tafadhali mje na kitambulisho cha NIDA na picha ndogo mbili. Asiyeweza kutembea amtume mjukuu atueleze, tutamfuata nyumbani. Mtendaji wa Kata."

Ukihesabiwa, ujumbe huu una herufi 301 pamoja na nafasi na alama. Kwa kuwa hauna emoji hata moja, vipande viwili vinaweza kubeba hadi herufi 306. Umeingia katika vipande viwili, gharama ileile ya ule wa kwanza, na sasa una salamu, tarehe, wakati wa siku ulioandikwa kwa neno, mahitaji, msaada kwa asiyejiweza, na jina la anayesema. Zile emoji nne zilikuwa zimekula nafasi yote hiyo.

Mambo machache ndani ya ujumbe huo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Saa imeandikwa "saa tatu asubuhi", kwa maneno, kwa sababu tarakimu ndiyo inayozua mgongano kati ya saa ya Kiswahili na saa ya simu. "Poleni na majukumu" haina habari yoyote ndani yake, na mtu wa haraka angeifuta. Isifutwe. Ndiyo inayomfanya mzee ahisi kuwa ameandikiwa na mtu aliyelelewa. Salamu imeandikwa kwa ukamilifu. Zile "shkm" na "mrhb" ambazo vijana huandikiana ni kama kumwamkia mzee huku mtu anapita mbio bila kugeuza shingo. Na mwishoni yupo mwenye ujumbe, kwa cheo chake, ili mzee amwulize mwenyekiti wa kitongoji kama ni kweli.

Kuna onyo dogo hapa. Joto la maneno lisizidi kipimo. Mtumaji anayejaza "wapendwa wetu wa thamani, nuru ya maisha yetu" kabla ya kufika kwenye jambo humchosha mzee, tena humtia shaka. Wazee wengi wa nchi hii walifundishwa kuandika barua zenye salamu, habari, na kwaheri, kwa mpangilio. Salamu moja, pole moja, kisha jambo.

Sasa upande wa vijana, ambako makosa ni ya namna nyingine.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangazo lake mara nyingi hupelekwa katika makundi ya WhatsApp ya vijana kama karatasi iliyopigwa picha, yenye mhuri, yenye "YAH:" kwa herufi kubwa, na aya tatu zinazoanza "Kwa mujibu wa". Karatasi hiyo ina nafasi yake ubaoni na katika jalada. Katika kundi la vijana 200 wanaotumiana ujumbe usiku na mchana, inapita kama gari la mizigo usiku: kila mmoja ameisikia, hakuna aliyeiangalia. Siku ya mwisho inapopita, vijana husema hawakuambiwa, na ofisi husema iliwaambia. Pande zote mbili zina ukweli.

Kwa vijana emoji hufanya kazi mbili tofauti, na mtumaji anapaswa kujua anaitaka ipi. Kazi ya kwanza ni ya kibao cha njiani. Alama ya pini 📍 mbele ya mahali, ya kalenda 📅 mbele ya tarehe, na ya saa ⏰ mbele ya wakati, humwezesha kijana anayesogeza skrini kwa kidole gumba kuona mara moja kwamba hapa pana jambo la kushika. Kazi ya pili ni ya uso na sauti. Maandishi hayana uso, na ujumbe mfupi wa ofisi kwa kijana husikika mkali kuliko ulivyokusudiwa. Hata "Sawa." yenye nukta mwishoni huwafanya vijana wengi wahisi kuwa wameudhi. Emoji moja ya tabasamu huondoa ukali huo.

Tangazo lile la mkopo, katika kundi la vijana, lingeweza kuwa hivi:

"Habari zenu vijana 👋 Mikopo ya vikundi imefunguliwa. 📅 Mwisho wa kuleta maombi ni Ijumaa tarehe 23, saa tisa na nusu alasiri. 📍 Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata. Mje na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na taarifa ya benki ya kikundi. Mwenye swali aulize hapahapa."

Emoji ziko tatu, na hakuna hata moja inayobeba habari peke yake. Ukizifuta zote, ujumbe unabaki kamili. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kwa kila tangazo la huduma: tarehe isiwe ndani ya picha, mahali pasiwe ndani ya alama, kiasi cha fedha kisiwe ndani ya stika. Sababu si adabu tu. Stika ni picha, na maneno yaliyochorwa ndani yake hayatafutiki. Kijana akitaka kulirudia tangazo baada ya wiki mbili ataandika "mikopo" katika sehemu ya kutafutia, na maneno yaliyo ndani ya stika hayatatokea. Vilevile, wasioona hutumia programu inayowasomea skrini kwa sauti. Programu hiyo huitaja kila emoji kwa jina lake, moja baada ya nyingine. Mtu aliyeweka miali kumi ya moto mwishoni mwa tangazo amemlazimisha msikilizaji kusikia "moto" mara kumi kabla ya kufika kwenye namba ya simu. Na kwa kuwa asilimia 2 ya mikopo hiyo ni ya watu wenye ulemavu, msikilizaji huyo ni mlengwa halisi.

Stika zina mahali pake baada ya tangazo. Kijana wa kwanza akiuliza swali na kujibiwa, stika ya kupiga makofi kutoka kwa afisa hufungua midomo ya wengine kumi waliokuwa wanaogopa kuonekana hawajui. Kikundi kikileta maombi yaliyokamilika, stika ya pongezi ni halali yake. Lakini stika ichaguliwe kwa macho yaliyo wazi. Nyingi zimetengenezwa kutokana na nyuso za watu halisi, wakiwemo wanasiasa, wasanii na hata wananchi wa kawaida waliopigwa picha bila ridhaa yao. Stika yenye uso wa mgombea haifai kutoka katika simu ya ofisi hata kama inachekesha.

Wala afisa asijilazimishe usemi wa vijana. Maneno yao hubadilika kwa miezi, na mtu mzima anayeandika neno la mtaani lililokwisha kuchakaa hugunduliwa palepale. Emoji nazo huhama maana. Dole gumba 👍, ambalo kwa mtu wa makamo ni "nimekubali", kwa vijana wengi ni jibu baridi la mtu asiyetaka mazungumzo. Fuvu la kichwa 💀 kwao ni "nimekufa kwa kicheko". Mtumishi wa umma hana haja ya kulitumia fuvu. Inatosha alijue, asije akadhani kwamba ametishiwa.

Hili la maana kuhama linafikia ukali wake mkubwa katika jambo moja, nalo ni msiba.

Kundi la WhatsApp la mtaa au la ukoo ndilo linalotangaza kifo siku hizi, na ndani yake wamo wa rika zote. Kuna uso mmoja wa njano unaobubujika machozi mawili pembeni mwa macho, kinywa wazi: 😂. Jina lake rasmi katika orodha ya kimataifa ya Unicode linaeleza kuwa ni uso wenye machozi ya furaha. Uliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2010, na mwaka 2015 kamusi za Oxford ziliuteua kuwa neno la mwaka, ingawa si neno. Ni alama ya kicheko. Lakini katika simu yenye kioo kidogo, kwa macho yaliyoanza kufifia, kinachoonekana ni machozi. Kwa hiyo mzee aliyenunuliwa simu janja na mwanawe huandika chini ya tangazo la kifo cha rafiki yake wa miaka arobaini: "Innalillahi, tumepoteza mtu 😂😂😂". Ana uchungu wa kweli. Wajukuu wa marehemu wanaona kicheko juu ya mwili wa babu yao.

Upande wa pili, uso unaolia kwa sauti, machozi yakimiminika kama mito, 😭, ulitengenezwa kwa ajili ya kilio, na vijana wameugeuza kuwa kicheko cha kushindwa kujizuia. Kijana akiutuma chini ya kisa cha kuchekesha, shangazi hupiga simu kuuliza nani amefariki. Hivyo basi alama mbili za machozi zimebadilishana nafasi kati ya vizazi, na kila upande una hakika ya maana yake.

Njia iliyo salama katika msiba ni maneno matupu. "Poleni sana wafiwa. Mungu awape subira. Nitafika kesho asubuhi." Maneno hayo hayajawahi kueleweka vibaya na kizazi chochote. Msimamizi wa kundi anaweza kutangulia kuandika hivyo, na wengi wanaofuata huiga umbo la rambirambi ya kwanza. Hili limeonekana katika makundi mengi: wa kwanza akiweka mshumaa, inafuata mishumaa thelathini. Wa kwanza akiandika pole kamili, zinafuata pole.

Na mzee akikosea? Asisahihishwe mbele ya kundi. Mmoja wa wajukuu, au jirani aliye karibu naye, ampigie simu faraghani, amwamkie, amwulize hali, kisha amwambie kwa upole kwamba ule uso ni wa kucheka, na amwonyeshe namna ya kuufuta ujumbe. Kijana anayeandika hadharani "Babu hiyo ni ya kucheka hahaha" amemwaibisha mtu mzima siku ya msiba, na mzee huyo hataandika tena katika kundi lile. Atakosa na matangazo ya maji pia, kwa sababu atalizima.

Jambo la herufi kubwa linafanana na hilo. Wazee wengi hutuma ujumbe wote kwa herufi kubwa kwa kuwa kitochi kimekwama katika hali hiyo na hawajui kibonye cha kuibadili. Vijana husoma herufi kubwa kama kelele za hasira. Mtendaji akipokea "MAJI HAYATOKI SIKU TATU NAOMBA MSAADA" asijibu kama aliyefokewa. Hapo kuna mtu anayeomba msaada, na neno "naomba" limo.

Wapo wazee wanaozipenda stika kuliko wajukuu wao. Kila alfajiri wanatuma picha ya maua ya waridi yenye maandishi ya asubuhi njema, kwa watu hamsini. Kwao stika ni salamu ya kweli, na kuipuuza ni kutoitika hodi. Ila ajibiwe kwa maneno kwanza: "Shikamoo bibi, ahsante kwa maua. Umeamkaje?" Kisha ua moja linaweza kufuata. Umri ni mwongozo tu. Mzee mwenyewe akifungua mlango wa stika, mdogo anaweza kuingia, mradi asitangulie.

Kwa kundi lenye rika mchanganyiko, njia iliyo bora ni kutunza orodha mbili na kutuma ujumbe mbili. Orodha ya kwanza ni ya namba zenye kitochi na za wazee wote, hata wenye simu janja, na hiyo hupelekewa maneno matupu kwa ujumbe mfupi. Ya pili ni ya makundi ya WhatsApp. Kazi hii haizidi robo saa, kwa kuwa jambo ni lilelile na kinachobadilika ni salamu, alama na mpangilio. Pale ambapo ujumbe ni lazima uwe mmoja, uandikwe kwa kipimo cha wazee. Kijana akipokea "Wazee wetu shikamooni, vijana habari zenu" hataudhika. Mzee akipokea "Mambo wote" anaweza kuudhika.

Orodha hizo zipitiwe na wenyeviti wa vitongoji kila baada ya miezi mitatu, maana namba hubadilika, simu hupotea, na wapo waliokwisha kututoka ambao familia zao huumizwa na wito wa marehemu kufika ofisini. Na mzee asiyefika wala kujibu ndani ya siku mbili asitumiwe ujumbe wa tatu. Apigiwe simu, kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati wengi wametoka shambani na hawajalala, na anayepiga ataje jina lake na la mzazi wake kabla ya kutaja ofisi.